Mwezi wa Saa Nane na Nusu

“Mwanangu, mwezi wenyewe mbona mzima?” Ndivyo alivyonipokea mama mmoja kwenye simu asubuhi ya Jumatatu, Septemba 8, 2025. Alikuwa amewaamsha wajukuu wanne saa nane na nusu usiku, wakakaa uani na mablanketi, wakautazama mwezi mpevu, mweupe pee, usio na hata doa.

Kosa langu. Ratiba ya Kiingereza ya kupatwa kwa mwezi ilisema 8:30 p.m., mimi nikaandika kwenye habari yetu “saa 8:30 usiku”. Nilisahau kuondoa sita. Mwezi ulipatwa saa mbili na nusu, wakati wajukuu wanasubiri wali, na kufika saa sita ulishajisafisha wote.

Basi nikaandika masahihisho. La kwanza: “Habari hii imesasishwa.” Mhariri akalifuta. Kusasisha ni kuongeza jambo jipya, na mwezi haukubadilisha ratiba, ni mimi niliyekosea. La pili liliomba radhi kwa sentensi saba, likataja uchovu, kukatika kwa umeme na unyenyekevu wangu. “Huu ni waraka wa posa,” akasema. “Na saa sahihi iko wapi?” Kweli, nilikuwa nimeisahau. La tatu lilisema mwezi “utapatwa saa 2:30”, siku moja baada ya kupatwa.

Mwishowe likatoka hivi:

“Masahihisho, Septemba 8, 2025: Awali habari hii ilieleza kimakosa kwamba mwezi ungepatwa kikamilifu kuanzia saa 8:30 usiku. Ulipatwa kikamilifu Jumapili, Septemba 7, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Tunawaomba radhi walioamka kwa sababu ya kosa hili.”

Kosa limetajwa mara moja tu, ukweli ukafuata papo hapo, na radhi wakapewa walioumia. Nilitaka kuweka utani wa usingizi, mhariri akakataa: anayeruhusiwa kucheka ni yule aliyekesha. Likakaa juu kabisa, chini ya kichwa cha habari. Kosa la herufi ya jina huweza kusubiri mwisho wa habari, lakini lililomtoa mtu kitandani halifichwi huko. Kisha tukarekebisha saa ndani ya habari yenyewe, maana masahihisho juu na kosa bado chini ni kumchanganya msomaji mara mbili.

Tulichosahau ni ile picha ya kusambaza kwenye simu, yenye maandishi manene: “LEO USIKU, SAA 8:30, USIKOSE!” Picha haisahihishiki ikishatoka mikononi mwako; unachoweza ni kutoa nyingine yenye neno MASAHIHISHO na kuipeleka kulekule ilikopita ya kwanza. Nasi tuliiandika “leo”, bila tarehe.

Alhamisi usiku simu ikalia. Ni mjomba, kanitumia ile picha: “Mpwa, leo usilale mapema.”