Mradi Umekufa, Mlinzi Bado Analipwa

Saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 3 Oktoba, wakati ambapo mtu mwenye heshima zake hutumiwa ujumbe wa msiba tu, benki ilinijulisha kwamba kadi yangu imekatwa dola 59 na senti chache, pamoja na makato yao ya kubadilisha fedha, ambayo sitayataja kwa sababu bado sijanywa dawa ya presha. Mradi wenyewe ni ule wa kuandikisha wakulima wa korosho, ambao uliisha mwezi wa Machi: ripoti ilipokelewa, picha ya pamoja ikapigwa, na mimi kwa mkono wangu nikaingia kwenye akaunti ya wingu, tulikokodi kompyuta za mradi kupitia mtandao, nikazichagua seva zote mbili, nikabonyeza `stop`, nikaenda kulala kama mtu aliyefunga duka.

Ninakiri kwamba makato hayo hayakuwa ya kwanza. Tangu Aprili yalikuwa yakija kila mwanzo wa mwezi, nami nikidhani ni watoto na filamu zao, kiasi kwamba mwezi wa Juni niliitisha kikao cha familia, nikahutubia kwa muda mrefu kuhusu matumizi mabaya ya rasilimali, na nikamnyang'anya kifungua mimba wangu simu kwa wiki mbili. Bado sijaona njia ya kumwomba radhi bila kupoteza cheo changu nyumbani.

Nilipofika benki, binti wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba kadi wanaweza kuifunga sasa hivi, lakini anayenidai si kadi.

Ikanibidi nimtafute kijana aliyekuwa msaidizi wangu, ambaye siku hizi amepata kazi ya maana na anakaa Sinza. Aliniamkia, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na shida, kisha nikafungua kompyuta mezani kwake na kumweleza kwamba nimeibiwa. Alitazama ukurasa wa bili kwa muda, akaniuliza swali ambalo hadi leo ninalisikia nikiwa bafuni: "Kaka, ulizizima au ulizifuta?"

Nilimjibu kwamba kwa Kiswahili nilichofundishwa, kitu kilichozimwa hakifanyi kazi, na kisichofanya kazi hakilipwi. Akatikisa kichwa. Seva iliyozimwa, alisema, hailipiwi kichakataji chake, hilo ni kweli, lakini diski zake bado zimeshika nafasi kwenye ghala la mwenye wingu, na nafasi hulipiwa kwa gigabaiti kwa mwezi, iwe diski imejaa au ni tupu. Kila seva yangu ilikuwa na diski ya mfumo ya gigabaiti 20 na diski ya data ya gigabaiti 100, jumla 240 kwa seva mbili, na kwa senti 8 za dola kila gigabaiti, hizo ni dola 19.20 kila mwezi kwa ajili ya mashine zilizolala.

"Basi zifute," niliamuru.

Alizifuta, kwa kitufe kingine kabisa kiitwacho `terminate`, nami nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaniambia nikae. Diski mbili za mfumo zilikuwa zimeondoka pamoja na seva zake, lakini zile za data zilikuwa bado zipo kwenye orodha, pembeni yake pameandikwa `available`, neno ambalo mimi nililitazama na kuliona kama habari njema. Kumbe maana yake ni kwamba diski hiyo haijaunganishwa na seva yoyote, haina anayeitumia, na inasubiri mteja ambaye ni mimi. Mwenye wingu haifuti mwenyewe kwa kuwa huenda ndani yake mna data ya mtu, jambo ambalo ningelisifu kama huruma laiti lisingekuwa linatozwa.

Hata hivyo dola 19.20 si 59, nikamkumbusha. Hapo ndipo alipoteremka chini ya ukurasa hadi kwenye kifungu nilichokuwa ninakiruka kila mara kwa sababu jina lake halikuwa na neno seva, akanionyesha dola 32.40. Lilikuwa lango la NAT. Seva zetu zilikaa kwenye mtandao wa ndani usiofikika kutoka nje, na zilipohitaji kutoka kwenda kuchukua masasisho ya programu, zilipitia kwenye lango hilo. Lango linatozwa kwa saa tangu lilipoundwa, senti 4.5 kwa saa, na Septemba ina saa 720. Ukipitisha data unaongezewa tozo nyingine, lakini hata lisipopitisha herufi moja, ile ya saa iko palepale.

"Kwa hiyo," nilisema, na hapa sauti ilianza kunitoka isivyostahili mgeni, "nyumba imevunjwa, matofali yamebebwa, na mimi ninamlipa mlinzi usiku na mchana alinde geti?"

"Na geti lina namba yake, kaka," akajibu. Lango lilikuwa na anwani ya IP ya hadharani, nusu senti kwa saa, dola 3.60. Tulilifuta lango, tukasubiri dakika chache liondoke, na anwani ikabaki peke yake, haielekezi popote, bado inahesabiwa, mpaka alipoiachia kwa hatua yake mwenyewe.

Zilibaki dola 3.80. Kijana akatazama chini kidogo, akasema hizo ni zake. Mwezi wa Aprili, kabla hajaondoka kwangu, aliikuta hifadhidata ya mradi, ambayo nayo tulikuwa tumeizima, inafanya kazi. Hakuna aliyeiwasha, hifadhidata ya aina ile ikizimwa kwa siku saba mfululizo huamka yenyewe, ili isikose matengenezo, na ikiamka inatozwa kama iliyo kazini. Basi akaifuta, lakini kwenye dirisha la kuthibitisha kulikuwa na alama ya kuhifadhi nakala ya mwisho, akaiacha kama alivyoikuta. Gigabaiti 40, kwa senti 9.5. Sikumgombeza, kwa kuwa hesabu yangu ilikuwa mbaya kuliko yake mara kumi na nne.

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyenionya. Alinionyesha tahadhari ya bajeti, ambayo kweli ilikuwepo, imewekwa kwenye dola 20, na ilituma barua kila mwezi kwa uaminifu, kwenda kwenye baruapepe ya mradi ambayo mimi mwenyewe niliifunga Machi ili kupunguza gharama. Isitoshe, tahadhari hiyo hutuma barua tu, haizimi chochote.

Tulipomaliza, ukurasa ulikuwa mweupe. Akaniambia nisishangae bili ya Novemba ikija na dola chache, kwani hizo ni za siku za Oktoba kabla hatujafuta. Nikamshukuru kwa hadhi, nikasimama, naye, bila kuombwa na mtu yeyote, akagusa pembe ya juu kulia palipoandikwa Virginia na kuchagua Ayalandi, kwa sababu ukurasa ule huonyesha mali za eneo moja tu kwa wakati mmoja. Kulikuwa na diski moja ndogo, ndiyo yenye zile senti chache. Ilikuwa imeundwa 2023, na mmoja wetu alikuwa ameipa jina `test-usifute`.

Nilimuuliza kama ni yeye. Akaniuliza kama ni mimi. Tulikaa pale hadi adhana ya magharibi, chai ikapoa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kubonyeza.