"Mbona leo umechoka hivyo? Unaumwa?"

Mkuu wetu wa idara alimuuliza hivyo dada wa mapokezi jana asubuhi. Haumwi. Hakupaka mekapu, basi. Pembeni yake alikaa kaka mwenye shati la mikunjo na macho mekundu, na yeye hakuulizwa hata kama amelala.

Sibishani na unadhifu. Mwili safi, kucha safi, nguo iliyopigwa pasi, hayo tunadaiwa sote. Hata mtangazaji wa televisheni namwelewa, kwa sababu taa za studio hung'arisha uso kama uliopakwa mafuta, na wanaume nao hupakwa poda. Lakini pale fundi wa mekapu hulipwa na kituo, na kazi hiyo hufanyika saa za kazi. Sisi wengine tunanunua wenyewe na kujipaka kabla ya kutoka nyumbani.

Hapo ndipo ninapokasirika. Chukua dakika 20 tu kila asubuhi: fondesheni, poda, wanja, maskara, lipstiki. Siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni saa 80. Siku kumi nzima za kazi ambazo hakuna anayezilipa! Na sijahesabu kujipaka upya chooni baada ya chakula, wala kutoa yote usiku, maana ukilala nayo ngozi itakudai.

Mtasema sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kazini ipo. Haya, msikilizeni Darlene Jespersen. Alihudumu baa ya kasino ya Harrah's kule Reno, Marekani, kwa takriban miaka 20, na wateja walimsifu. Mwaka 2000 kampuni ikaleta kanuni mpya: wanawake wa baa wawe na poda au fondesheni, rangi ya mashavu, maskara na lipstiki muda wote wa zamu. Wanaume? Wasipake kitu, nywele ziwe fupi. Alikataa, akapoteza kazi, akashtaki. Mwaka 2006 majaji 7 kati ya 11 wa mahakama ya rufaa walimkatalia: hakuleta ushahidi kwamba kanuni hiyo iliwagharimu wanawake fedha na muda kuliko wanaume.

Ushahidi! Kana kwamba lipstiki huota mdomoni.

Ni kweli, mahakama ilipima kanuni nzima, nywele na kucha za wanaume zikiwemo, na kesi huamuliwa kwa kilicholetwa mezani. Nakubali, kwa shingo upande. Ila angalau Jespersen alikuwa na kanuni ya kuishitaki. Dada yetu wa mapokezi hana. Hakuna karatasi iliyoandikwa "paka." Kuna swali la huruma tu, na baadaye, kwenye tathmini ya mwaka, neno "hajipangi." Utalikatia rufaa wapi?

Saa nane mchana alirudi kutoka chooni na lipstiki nyekundu ya kuazima. Mkuu akapita, akatabasamu.

"Afadhali, umepona."