Kenya na Somalia: ile pembetatu ya bahari ilikuwa ya nani?

"Mpima, hivi bahari inagawanywaje wakati majini huwezi kuchimbia bikoni? Na ile kesi ya Kenya na Somalia, nani alionewa pale?"

Bikoni, yaani alama ya mpaka, ipo dogo, ila iko nchi kavu. Ni bikoni namba 29, iko karibu kabisa na ufukwe pale Kenya na Somalia zinapokutana, na sehemu yenyewe inaitwa Dar Es Salam, sio Dar yetu, majina yamefanana tu. Waingereza na Wataliano walipopima ule mpaka baada ya mkataba wa 1924 bikoni zao ziliishia hapo pwani, huko mbele kwenye maji mafuta na gesi haikuwa habari ya mtu yeyote. Ugomvi wote unaanzia hapo walipoishia.

Kwanza ujue nchi haidai bahari hivihivi, inadai kwa sababu ina pwani. Unapima kuanzia pale maji yanapofika yakikupwa, unatoka maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 na kidogo, hiyo ni bahari ya taifa, ni kama nchi yako kabisa ila meli za wengine zina ruhusa ya kupita zikipita kwa amani. Kutoka hapo hadi maili 200 kutoka pwani, kama kilomita 370, ni ukanda wa kiuchumi, na hapa watu wengi wanachanganya, ukanda wa kiuchumi sio nchi yako, samaki ni wako na gesi iliyo chini ni yako, lakini meli ya mtu yeyote inapita bila kukuomba. Haya yamo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, na Kenya, Somalia na sisi Tanzania wote tumeridhia. Shida ni kwamba mkataba unasema vizuri sana umbali wa kwenda mbele, ila nchi mbili zilizopakana pembeni kwa pembeni zigawaneje ukanda wa kiuchumi, hapo unasema tu zikubaliane ili matokeo yawe ya haki. Haki ni nini? Haijasema. Ndio maana kesi haziishi.

Sasa chukua ramani. Pwani ya Kenya hainyooki kaskazini kusini, imelala, kusini iko ndani zaidi na kaskazini imetokeza upande wa mashariki. Kenya ikasema kutoka kwenye ile bikoni mstari uende moja kwa moja mashariki, ufuate latitudo, beringi nyuzi 90, yaani nyuzi 90 ukihesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa mshale wa saa. Somalia ikasema hapana, tuchore mstari wa kati, kila nukta iwe na umbali sawa kutoka pwani yangu na pwani yako, na kwa vile pwani imelala mstari huo unakwenda kusini mashariki. Kati ya mistari hiyo miwili inabaki pembetatu ya kama kilomita za mraba 100,000. Somalia ikafungua kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague Agosti 2014.

Hoja ya kwanza ya Kenya mtu wa Moshi ataielewa haraka sana kuliko wa Dar, maana ni hoja ya kihamba, shamba la ukoo. Kenya ilisema, sisi tulitangaza mstari wa latitudo toka 1979 kwa tamko la rais, tukarudia 2005, tumefanya doria humo, tumegawa vitalu vya mafuta, na jirani amekaa kimya miaka yote hiyo mpaka 2014, kwa hiyo alikubali. Ndio kama mtu amehamisha masale, ile mimea ya mpakani, usiku akalima miaka ishirini, mwenye kihamba yuko mjini hasemi kitu, siku anarudi anadai. Kwenye ardhi sheria yetu ya ukomo inakupa miaka 12 kudai, ikipita umeumia. Binafsi nilipoanza kufuatilia hii kesi nilidhani Kenya itashinda kwa hili.

Lakini baharini hakuna miaka 12. Mahakama ilisema ukimya unahesabika kama kukubali pale tu ambapo jirani alidai wazi bila kuyumba na wewe ulitakiwa ujibu ukanyamaza, na Kenya yenyewe ilikuwa inayumba. Sheria yake ya 1972 na ile ya 1989 zilitaja mstari wa kati kwenye bahari ya taifa, na kuhusu ukanda wa kiuchumi ile ya 1989 ilisema mpaka na jirani utawekwa kwa makubaliano, halafu 2009 wakasaini na Somalia hati ya maelewano inayosema kabisa mpaka bado haujawekwa. Sasa utasemaje mwenzako alikubali mpaka ambao wewe mwenyewe umeandika haupo? Ongeza na kwamba kuanzia 1991 Somalia ilikuwa vitani, serikali ya kuandika barua ya pingamizi haikuwepo. Hapa mimi naona Kenya ilistahili kushindwa, na ninasema hivyo nikijua majirani zetu wa Taveta hawatafurahi. Ukikubali ukimya wa nchi iliyo vitani uhesabike kuwa saini, basi kila mwenye jirani aliyevurugikiwa ataanza kuchora.

Hoja ya pili ya Kenya, kwamba mstari wa kati unaibana, ndiyo ngumu, na ndiyo inayonigusa kama mpima. Dogo, chukua sinia la duara, weka kamba mbili za urefu sawa, moja shikilia ukingo wa upande huu nyingine ukingo wa upande ule, pale ncha zinapogusana ni nukta moja ya mstari wa kati, ongeza urefu wa kamba kidogo upate nukta nyingine, unaendelea hivyo. Juzi nilifanya hivi na vijana ofisini, tukatumia sinia la chakula, na walichokiona haraka ni kwamba ukingo ukiwa umebonyea kwa ndani, majirani watatu wakikaa kwenye hilo bonde, wa katikati anabanwa, mistari yake miwili inakimbiliana huko mbele na yeye anabaki na kipande chembamba kama ncha ya mkuki wakati pwani yake ni pana tu. Wa katikati hajakosea kitu, ni umbo la ukingo tu. Ilishawahi kumkuta Ujerumani katikati ya Denmark na Uholanzi, na mwaka 1969 mahakama hiyohiyo ikakataa kumbana kwa mstari wa kati peke yake.

Na wa katikati huku kwetu ni Kenya, kaskazini Somalia, kusini sisi. Mahakama ikasema ukizitazama Kenya na Somalia peke yao hilo bonde hulioni, ila ukiweka pwani za Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja linaonekana, na Pemba jinsi ilivyokaa inaongeza kubana. Kwa hiyo hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilichora mstari wa kati ndani ya zile maili 12, kisha kuanzia hapo ikausogeza juu kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya, beringi nyuzi 114. Ukitaka kuhisi maana yake kwa kilomita, 114 ni nyuzi 24 chini ya ule mstari wa Kenya wa mashariki, ukisafiri kilomita 370 juu ya mstari huo umeshuka kusini kama kilomita 150. Mimi kwenye viwanja kosa la nusu nyuzi linanipeleka barazani, wenzetu huko kila nyuzi moja ni bahari nzima ya samaki.

Wengi mitandaoni wanasema Somalia ilishinda kila kitu, sio kweli. Mahakama ilipima pwani zinazohusika ikapata Somalia kilomita 733 na Kenya 511, lakini kwenye eneo lililohusika mstari uliacha kama kilomita za mraba 120,000 upande wa Kenya na 92,000 upande wa Somalia. Mwenye pwani ndefu kapata kidogo. Msomali akikuuliza kwa nini alipie umbo la pwani ya Tanzania wakati Tanzania haiko kwenye kesi, ana hoja nzito, na majaji wanne kati ya 14 waliupinga ule mstari wa nyuzi 114. Mkenya naye akiuliza kama mmekubali nabanwa mbona mmenisogezea kidogo tu, naye ana hoja. Ukweli ni kwamba hakuna fomula ya kusema nyuzi ngapi zinatosha, hatua ya kwanza ya mstari wa kati ni hesabu tupu unaweza kuirudia ukapata jibu lilelile, hatua ya pili ya kuusogeza ni busara ya majaji, na ya tatu ni kuangalia tu kama mgao haujapishana kupita kiasi. Mimi nakubali kwamba Kenya ilistahili kusogezewa, ninachokataa ni kutoonyesha kwa nini iwe 114 na isiwe 110 au 118, maana mpima akileta mstari lazima aonyeshe alivyoupata.

Kenya ilisusa kusikilizwa Machi 2021, na hukumu ilipotoka ikaikataa yote. Hague haina askari, kwa hiyo mstari upo kwenye karatasi na kwenye maji kila mtu anajua lake, na mwenye meli ya kutafuta mafuta hapeleki hela sehemu ambayo leseni yake inaweza kuitwa ya wizi na upande wa pili.

Na sisi? Tulimalizana na Kenya mapema kwa kuandikiana, barua za 1975 na 1976, halafu mkataba wa 2009 wa ukanda wa kiuchumi, na tukakubali latitudo baada ya kuizunguka Pemba. Wapo wanaosema ndiyo maana Kenya ilitaka latitudo na kaskazini, ilichotoa kusini irudishiwe juu. Mahakama ikasema makubaliano ya Kenya na Tanzania hayamfungi Somalia, na hilo ni sawa kabisa, majirani wawili wakipatana wa tatu hadaiwi.

Somalia yenyewe ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye mkutano wa marais hapo Arusha Novemba 2023, kwa hiyo sasa wote watatu wa lile bonde wanakaa meza moja, saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa ofisini Moshi, na nyuzi 114 bado haijatiwa saini na Kenya.