Jaketi la jinzi lililogeuka satini

Nauza mitumba Karume, pale Ilala. Kumlipa mwanamitindo kwa jaketi moja ni hasara, kwa hiyo nikaanza kutumia programu ya akili mnemba: unaipa picha ya nguo, unaandika maelezo, inakuvalishia mrembo. Nikaipa jaketi la jinzi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha sokoni:

```
woman wearing soft blue jacket, shiny buttons
```

Picha ikatoka tamu, nikairusha bila kuitazama mara mbili. Dada mmoja wa Mbagala akalipia, Jumamosi akaja kuchukua mzigo. Akalishika jaketi, akalitikisa kana kwamba kuna lingine limejificha ndani.

"Kaka, hili gunia. Mimi nimelipia satini."

Nikafungua simu nimwoneshe alivyokosea. Lahaula! Jaketi lilikuwa linameremeta na kuteleza mabegani kama gauni la matroni. Nikarudisha hela kimyakimya.

Fundi cherehani jirani yangu alicheka mpaka akasimamisha mashine. "Umeiambia laini, umeiambia ing'ae, ulitaka ishone nini?" Kung'aa nilikusudia vifungo, neno likamwagikia nguo nzima.

Nikarudia. Safari hii nikaandika `denim jacket`, na kwa kuwa nyuma ya kiuno pana kibandiko cha ngozi, kidogo tu kama kiberiti, nikaongeza `leather patch`. Jaketi lote likawa ngozi nyeusi. Mrembo akafanana na mtu aliyekuja kuchukua gari la mkopo uliochacha.

Fundi akanisogezea jaketi halisi hadi puani. "Soma kitambaa kwanza." Kweli, kulikuwa na mistari midogo ya mshazari: uzi wa mtande, ule unaokwenda urefu, umetiwa nili, wa mshindio, ule unaoukatiza, ni mweupe, ndiyo maana ndani kumepauka. Mwanga ukilipiga halirudishi kitu. Kiwikoni limevunjika mikunjo migumu, wakati hariri ingetiririka. Mshono ni wa uzi wa rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa naandika ninavyolisifia kwa wateja, si linavyoonekana. Tukaandika:

```
stiff faded denim, diagonal twill weave, matte, orange topstitching, brass buttons
```

Ngozi hatukuitaja kabisa. Picha ilipokubali ndipo nikapaka brashi ya kuhariri pale kiunoni tu, nikaandika `small leather patch`, ikabaki palepale. Tukaikuza picha tukailinganisha na jaketi lenyewe. Mistari ya mshazari ilikuwepo, ila kifungo kimoja kilizidi. Fundi akasema hicho ni zawadi. Nikakifuta, nilishatosheka na kesi.

Jioni nikairusha. Kabla sijafunga meza, ujumbe ukaingia kutoka Mbagala:

"Kaka, hili gunia umelirudisha tena? Lile la satini umemuuzia nani?"