Kuirudisha Tafsiri Katika Kiswahili Hakutoshi

Hapa Hamburg ninakoishi, barua pepe ya biashara ndiyo kauli yenyewe ya mfanyabiashara. Sheria ya Ujerumani humtaka azihifadhi barua zake za biashara kwa miaka 6, na anayeipokea barua hufuata kilichoandikwa bila ya kumpigia mtu simu kuuliza kama ndicho kilichokusudiwa. Kwetu Pemba mambo hayaendi hivyo. Muuzaji wa Wete akimwandikia mteja wa Chake Chake jambo lisiloeleweka, simu hulia kabla ya adhuhuri, na wakishamaliza kuulizana hali za nyumbani jambo huwa limeshanyooka. Nayapenda zaidi mazoea ya kwetu, lakini naona ndiyo yanayotufanya tuiamini mno tafsiri ya mashine, kwa kuwa tunadhani penye kosa mtu atauliza.

Mtoto wa ami yangu huuza mdalasini na pilipili manga. Barua zake kwa mnunuzi wa huku huzifasiri kwa programu ya simu, kisha hunitumia nizitazame kabla hazijaondoka. Yeye hutangulia kufanya kile ambacho wengi hushauriwa: huichukua tafsiri ya Kijerumani, huirudisha katika Kiswahili kwa programu ile ile, na akiona maneno yamerudi kama yalivyokwenda huridhika. Njia hiyo hugundua sentensi iliyovurugika kabisa. Makosa madogo, ambayo ndiyo yenye hasara, huyaficha.

Barua yake moja ilisema: "Tunaweza kutuma kilo 1,250 za mdalasini. Tuzungumze kwa video Jumatano saa nane mchana. Meneja wetu atakuwepo, naye atakueleza bei." Tafsiri yake ilikuwa Kijerumani kinachosomeka vizuri, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu lugha iliyonyooka haimpi msomaji sababu ya kusita.

Saa nane ilikuwa imegeuzwa kuwa saa 8 ya Kizungu, na neno "mchana" limeachwa. Saa nane yetu ya mchana ni 14:00, na kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi, wakati Ujerumani inapokuwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2, mnunuzi alipaswa kuingia kwenye simu saa 12:00 ya kwake. Majira ya joto tofauti hupungua ikawa saa 1. Sasa irudishe tafsiri hiyo katika Kiswahili: nane hurudi nane, na kosa halionekani tena. Dalili pekee iliyobaki ni lile neno "mchana" kukosekana, na mwenye haraka haioni. Si kila mara mashine hukosea hapa. Siku nyingine huandika 14 bila ya taabu, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi, kwani humzoesha mtu kutokagua.

Kilo 1,250 zilibaki na mkato wake. Sisi tunasoma elfu moja mia mbili na hamsini, ilhali Mjerumani hutumia mkato kutenga desimali na nukta kutenga maelfu, kwa hiyo alichokiona ni kilo moja na robo, yaani sampuli, wala si mzigo. Meneja naye, ambaye ni mwanamke, alikuwa amefanywa mwanamume, kwa sababu "naye" yetu haibagui jinsia na mashine ililazimika kuchagua. Yote mawili hurudi katika Kiswahili yakiwa salama salimini.

Kwa hiyo nilimwambia aanze kuitengeneza barua ya Kiswahili yenyewe kabla ya kuifasiri. Saa aiandike kwa tarakimu za saa 24, pamoja na tarehe na saa za pande zote mbili: 14:00 kwa saa za Afrika Mashariki, 12:00 kwa saa za Ujerumani. Kilo ziandikwe 1250, bila ya alama yoyote katikati. Meneja atajwe kwa jina na "Bi" mbele yake. Tafsiri ikitoka, hata asiyejua Kijerumani anaweza kuziweka barua mbili ubavu kwa ubavu na kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine. "Kaka, sasa barua imekuwa kama risiti," alinilalamikia, na kweli imekuwa hivyo.

Lipo ambalo hila hii hailifikii. Kijerumani kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", ya heshima na ya mazoea, na mashine huweza kuanza barua kwa moja ikaimaliza kwa nyingine. Hapo anahitajika mtu anayesoma lugha zote mbili, na asiulizwe kama tafsiri ni sawa, kwani atajibu kuwa ni sawa. Apewe Kijerumani peke yake, bila ya barua ya asili, aeleze kwa Kiswahili mzigo ni wa uzito gani, mkutano ni saa ngapi kwa saa ya ukutani Hamburg, nani atakuwepo, na kama mwandishi anaongea na mteja au na rafiki yake.