Kumpa ndugu pawa ofu atoni ya kiwanja ukiwa nje ya nchi

"Nipo Muscat, nina kiwanja Kibaha chenye hati, kaka anataka nimpe pawa ofu atoni ashughulikie kila kitu, nimpe au niache?"

Dada, ukimpa hiyo pawa ofu atoni, yaani hati ya uwakilishi, unamruhusu asaini kwa niaba yako, na akishasaini ndani ya mipaka ya ile karatasi basi ni kama umesaini wewe. Kiwanja kinabaki jina lako, ila mkono ni wake.

Upande wa kaka ana hoja, maana kuna mambo hayaendi bila hiyo karatasi, mfano kusaini mkataba wa kupangisha au kukusimamia kwenye kesi ya mpaka na jirani wakati wewe upo Oman. Lakini asikwambie anaihitaji kulipia kodi ya pango la ardhi, hiyo yeyote mwenye kontroo namba analipa tu.

Shida inaanza kwenye yale maneno "kila kitu". Hati ya uwakilishi ya jumla kwa kawaida inabeba kuuza na kuweka rehani humo humo, sasa chukulia mwezi wa tatu mmegombana, ukamtumia meseji Watsap kwamba umemvua madaraka. Mwezi wa nne anauza kwa milioni 15. Mnunuzi alienda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi, akakuta jina lako na akakuta hati ya uwakilishi imesajiliwa na haijafutwa, akalipa. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, kumvua kunamfunga kaka akishajua, ila mtu wa nje hakumfungi mpaka na yeye ajue, kwa hiyo huyo mnunuzi ana pa kusimamia na wewe unabaki kumdai ndugu yako hela, na ndugu kama unavyowajua, kesi itageuka kikao cha ukoo.

Ndio maana kufuta kunafanyika kwa maandishi, yanapelekwa kule kule iliposajiliwa, na unadai nakala halisi irudi.

Mimi ningempa, ila ya kazi maalum: namba ya kiwanja, kazi zenyewe zimetajwa, tarehe ya mwisho, na sentensi moja inayosema wazi hana ruhusa ya kuuza, kugawa wala kukopea. Unaisaini ubalozini hapo Muscat au mbele ya mthibitishaji wa hati, halafu inakuja kusajiliwa. Siku ukitaka kuuza kweli, hati ya kuhamisha umiliki unaweza kutumiwa ukaisaini mwenyewe huko huko, hela ikaingia akaunti yako.

Kingine, ukifariki (Mungu apishe mbali) hiyo karatasi nayo imekufa. Akiendelea kuitumia huku anajua umefariki ni batili, wanao wanatakiwa kufungua mirathi mahakamani, kwa hiyo waachie nakala na wao wajue ipo.