"Tuone Itakavyokuwa"

Swali la "unatafuta nini?" huja mkikutana mara ya tatu au ya nne, chakula kimeshaletwa na huna pa kukimbilia. Mimi lilinikutia Moshi, kwenye mgahawa mdogo karibu na soko la Mbuyuni, mbele ya bakuli la mtori. Kijana wa Usa River, ambaye kila Jumamosi alikuwa akipanda Kosta kunifuata, aliweka kijiko chini akauliza, "Hivi wewe, unatafuta nini hasa?" Nilikuwa na miaka 31, nimetoka kwenye uchumba uliovunjika, na kwa kweli sikuwa najua. Nikamjibu kama tunavyojibu wengi: "Tuone itakavyokuwa."

Nilidhani nimesema kweli. Yeye alisikia "ndiyo, ila taratibu." Desemba, Wachaga waliporudi nyumbani na barabara ya kutoka Arusha ikajaa magari, akanipeleka kijijini kwa mama yake, eti kusalimia tu. Nikapewa doti ya kitenge. Mama yake mdogo akaniita mkwe, nikaitikia, maana ningesemaje mbele ya watu? Februari nilipomwambia siwezi kuendelea, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo miezi yote hiyo ulikuwa unaona nini?"

Swali hilo sijalisahau. Kutokujua kwangu hakukuwa kosa, kosa lilikuwa kufunika hata yale niliyoyajua. Nilijua nataka watoto. Nilijua siachi kazi yangu ya Moshi. Nilijua pia, na hili ndilo la aibu, kwamba kila simu ikiita bado nilikuwa natazama kama ni yule mchumba wa zamani. Yote hayo niliyafunga kwenye fungu moja nikaliita "tuone".

Siku hizi naona "sijui" ziko mbili. Kuna sijui kama nataka ndoa, na kuna sijui kama nakutaka wewe. Ile ya pili hujificha nyuma ya ile ya kwanza kwa sababu ya kwanza haimuumizi mtu. Ni rahisi kumwambia mtu hujawa tayari kuliko kumwambia huna hakika naye. Jinsi ya kuzitenganisha, mimi hujiuliza hivi: yule ambaye nilikuwa nalala nikimuwaza angemtuma mshenga nyumbani kesho asubuhi, ningeomba muda? Kama nisingeomba, basi ndoa naitaka. Shaka yangu ina sura, na imekaa mbele yangu inakula mtori.

Hata Tinder, tangu mwishoni mwa 2022, inakupa sehemu ya kuchagua unachotafuta, na mojawapo ya majibu ni "Still figuring it out". Nimewahi kuliweka hilo kwangu. Sina ugomvi nalo, kwa mtu asiyekujua linatosha kumpa tahadhari. Ila ukishakula na mtu mara tatu, ukamjua hadi jina la mbwa wao, huwezi kumpa jibu lile lile ulilowabandikia watu wote.

Aliyefuata ni mwalimu wa Sakina, Arusha. Huyu hakuzunguka: "Uko siriasi au tunapotezeana muda?" Safari hii nilikuwa nimeshajiandaa, kwa hiyo naweza kuyaandika maneno yangu karibu kama yalivyokuwa. "Nikuambie kwanza ninachokijua. Nataka watoto, na nataka kuwalea ndani ya ndoa. Sina mtu mwingine. Nisichokijua ni kama mwaka huu naweza kuingia tena kwenye uchumba, na wewe bado sikujui vya kutosha kusema ni wewe. Naomba unipe hadi Pasaka. Kabla ya hapo sitakuja kwenu, na wewe usije kwetu."

Alinyamaza mpaka soda yake ikaisha gesi. Kisha akauliza, "Na Pasaka ikifika bado hujui?" Nikamwambia nitamjibu hivyo hivyo, naye atakuwa huru kuondoka bila maneno.

Tarehe ndiyo watu wengi huiruka. "Nipe muda" bila tarehe ni kumweka mtu benchi: wewe unafikiri, yeye ndiye anayelipa nauli. Tarehe yenyewe si ya kuamua kufunga ndoa, ni ya kuamua kama tunaendelea. Tena haina maana kama hujui katikati hapo unatazama nini. Mimi nilitaka kumwona akiwa amekasirika. Nilitaka kujua tutaishi wapi, kwa sababu Sakina na Moshi zinaachana kama kilomita 80 na kila mmoja wetu ana ajira yake. Na nilitaka kuona kama nitaacha kumlinganisha na yule mwingine. Muda ukiisha hujajua hata moja zaidi ya ulivyojua mwanzo, hilo nalo ni jibu.

Hilo la kutotembeleana nyumbani lilimkera kidogo, akaniona nina masharti. Lakini kwetu miguu hujibu kabla ya mdomo. Ukisema "sijui" huku mswaki wako uko kwake na majirani wanakuita mama mwenye nyumba, hakuna atakayekumbuka ulisema nini. Hata sheria inatazama huko huko. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, hadi wakajulikana kwa watu kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Na kifungu cha 71 kinaruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa isiyofungwa, mahakama ikiridhika kwamba aliitoa kwa sharti hilo. Nilikisoma hicho nikaikumbuka ile doti ya kitenge. Nilikuwa nimeshairudisha, nimeikunja kama nilivyopewa.

Simaanishi kila anayeuliza adaiwe jibu refu. Mtu wa meseji mbili hana haki ya kujua uchumba wako ulivunjikaje. Na mama akiuliza nyumbani, swali lake ni jingine kabisa, yeye anataka kujua lini atafute mahindi ya sherehe. Wangu nilimwambia, "Mama, yupo ninayezungumza naye, ila hatujafika pa kukuletea." Alifyonza, lakini hakuuliza tena mpaka Kwaresima.

Pia usishangae mtu akiondoka. Kuna rafiki yangu wa Majengo aliyeongea na mtu wake karibu hivi hivi, na yule bwana akamshukuru, akapotea wiki ile ile. Alilia. Mimi naona alichookoa ni miezi sita ambayo angeilia baadaye, ingawa siku ile sikuthubutu kumwambia.

Jumamosi ya Pasaka mwalimu akashuka Moshi. Tulikaa kwenye ule mgahawa wa Mbuyuni, kwa makusudi yangu. Nikamwambia nimejua mambo mawili: ndoa naitaka, na ningependa tuendelee kuizungumza mimi na yeye. Na kwamba Arusha sihamii.

"Hayo ni matatu," akasema. "Na hilo la mwisho ndilo gumu." Akamwita dada aongeze pilipili, akachukua kalamu mfukoni, tukaanza kupiga hesabu ya nauli ya mwezi nyuma ya risiti.